Barua ya Cherehani

Katika sanduku la karatasi za jamaa yetu mna nakala ya barua iliyoandikwa mwaka 1964 kwa kaka yetu, mwana wa baba mkubwa, aliyekuwa akisoma Glasgow. Wengi wenu mliwahi kutuma barua za namna hii, ila chache zilieleza neno kwa neno kama hii. Tena ilieleza hivyo kwa sababu ya barua iliyoitangulia.

Barua ya kwanza ya mwaka 1963 ilisema tu: "Kaka, tuletee cherehani ya Singer." Kaka alitii. Akanunua iliyokwisha tumika, nzuri kwa kuitazama, ya namba 28K, ikafika bandarini Tanga. Mama zetu wakashona kwa furaha. Lakini cherehani ile haina bobini ya duara; ina bobini nyembamba ndefu kama msumari, nayo hulala ndani ya chombo kilichochongoka mfano wa risasi, kiendacho mbele na nyuma. Zilikuja bobini nne. Mbili zikapotea, moja ikapinda, na madukani hapakuwa na nyingine. Mashine nzima ikawa mtumwa wa bobini moja: rangi ya uzi ikibadilika, yapasa kuufungua uzi wote.

Basi wazee wakaenda kwa fundi wa mjini, naye ndiye hasa aliyeitunga barua ya pili. Kwanza alitaja jina lote: Singer 15K. Herufi K ni alama ya Kilbowie, kiwanda kikubwa cha Singer kilichokuwako Clydebank, karibu na Glasgow, tangu miaka ya 1880. Kwa hiyo kaka alikuwa jirani nacho, wala hakujua!

Kisha fundi akaeleza jinsi ya kuitambua, kwa kuwa cherehani nyingi za zamani hazikuandikwa namba ya aina, ila namba ya mfululizo tu, na mwenye duka aweza kusema lolote. Barua yasema hivi: "Kaka yetu, usimwulize muuzaji, tazama mwenyewe. Sukuma kibati kilicho karibu na sindano. Ukiona chombo mfano wa risasi, iache. Ukiona bobini ya duara imelala chali, yatiwa kutoka juu, iache vilevile; hiyo ni 66K, na bobini zake si zetu. Tunayoitaka, bobini yake ya duara imesimama wima ndani ya kikombe cha chuma, na kikombe hutolewa kwa upande wa kushoto."

Jambo la tatu ndilo ambalo sisi wenyewe tusingalilifikiri. Kijijini hapakuwa na umeme, wala meza ya miguu isingaliweza kusafirishwa kwa bei nafuu. Basi ilitakiwa ya mkono. Sasa, mkono wa kuzungushia una kidole kinachoingia kati ya tindi za gurudumu. Gurudumu la cherehani iliyotengenezwa kwa mota mara nyingi ni zima, halina tindi, na kidole hakina pa kushika. Tena mkono hufungwa kwa skrubu penye kitako kidogo nyuma ya nguzo, chini ya gurudumu. Kisipokuwapo, mkono hauna pa kukaa. "Hata akikuambia kwamba mkono utanunuliwa baadaye," fundi aliandikisha, "tazama gurudumu na kitako kwanza." Akaongeza kwamba izungushwe kwa mkono mara kadhaa pasipo uzi. Ikiwa nzito, yaweza kuwa mafuta yaliyoganda tu, nayo hulainika. Bali ikikwama mahali palepale kila mzunguko, kuna kitu kilichopinda.

Sindano haikumsumbua fundi, maana 28K na 15K hutumia sindano moja, nasi tulikuwa nazo.

Kaka alijibu kwa kunung'unika kidogo kwamba amezunguka maduka matatu kwa ajili yetu, na katika mojawapo alifukuzwa kwa kufungua kila mashine. Lakini cherehani ilifika, sindano imetolewa, kitambaa kimekunjwa chini ya mguu wake, gurudumu limefungwa kamba lisizunguke njiani. Fundi hakuitazama rangi wala nakshi. Alitoa bobini mfukoni mwake, akaitia katika kikombe, ikaingia.

Kiwanda cha Kilbowie kilifungwa mwaka 1980. Hata hivyo umbo la 15 lilikuwa limekwisha kuigwa na viwanda vya Japani baada ya vita kuu ya pili, na baadaye vya China. Zile cherehani nyeusi za Butterfly ambazo mafundi wetu hushonea barazani ni uzao wake. Ndiyo sababu cherehani ya kaka yashona hata leo kwa bobini za sokoni, na ile 28K yakaa juu ya kabati, na bobini yake moja ndani.