Abomasamu kuhamia kushoto

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Cha nne, abomasamu, ndicho kinachotoa asidi, na mahali pake ni chini kwenye sakafu ya fumbatio, upande wa kulia kidogo. Ng'ombe akishazaa, mfuko wa uzazi hunywea na kuacha nafasi. Kama anakula kidogo, rumeni nayo haijai. Upungufu wa kalisi na pumba nyingi zisizo na nyasi za kutosha huulegeza msuli wa abomasamu, gesi hujikusanya ndani yake, nayo huelea hadi kukwama kati ya rumeni na mbavu za kushoto. Hali hiyo naiita abomasamu kuhamia kushoto. Wanaosema "tumbo limejisokota" wanataja ugonjwa mwingine, wa upande wa kulia, ulio hatari zaidi.

Tuseme Friziani amezaa siku kumi zilizopita. Anasusa pumba lakini anachagua nyasi, maziwa yanashuka, kinyesi ni kidogo, na joto la mwili ni la kawaida. Pengine pumzi yake inanukia ketoni. Daktari anasimama kushoto, anaweka stetoskopu kwenye mbavu za mwisho, katika mstari wa kutoka mfupa wa nyonga hadi kiwiko, huku akigongagonga kando yake kwa ncha ya kidole. Panapokutana gesi na maji chini ya ukuta uliokaza, husikika mlio mkali, kama mpira wa kikapu unaodundishwa kwenye saruji. Mimi huuita mlio wa chuma. Rumeni yenye gesi nayo hulia, ila mlio wake hukaa juu zaidi na kurudi nyuma hadi kwenye shimo la ubavu. Daktari akiwa na shaka huchoma sindano chini ya eneo la mlio na kupima majimaji: pH chini ya 3.5 ni ya abomasamu, ya rumeni huwa juu ya 5.

Njia rahisi ya kurekebisha ni kumviringisha. Ng'ombe hulazwa ubavu wa kulia, huletwa chali, hutikiswa huku na huku ili gesi ipande na tumbo lirudi, kisha humaliziwa ubavu wa kushoto na kuinuliwa. Haigharimu mengi, lakini hakuna kilicholifunga, na kwa zaidi ya nusu ya ng'ombe tumbo huhama tena. Kulibana kwa pini kupitia ngozi, ng'ombe akiwa chali, kunashikilia zaidi, ingawa anayechoma haoni anachokichoma. Kwa ng'ombe mwenye thamani ningechagua upasuaji wa ubavu wa kulia akiwa amesimama: daktari hulitoa gesi, hulivuta mahali pake na kulishona ukutani kwa utando wake wa mafuta. Kalisi na tiba ya ketosisi hutolewa kwa njia yoyote ile.

Mlio ukisikika kulia, usimviringishe. Huenda tumbo limejisokota, na huyo anahitaji kupasuliwa siku hiyohiyo.