Miaka minne mlangoni mwa kanisa

Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe, walifungua misioni Rumonge mwaka 1879, miezi michache baada ya msafara wao wa kwanza kufika Ujiji. Hawakukaa muda mrefu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre wawili, Deniaud na Augier, waliuawa hapo pamoja na msaidizi wao mlei, D'Hoop, katika ugomvi uliotokana na mtoto mmoja waliyemlea. Waliobaki walihamia pande nyingine za Ziwa Tanganyika, na misioni za kudumu za Burundi zikaja kuanzia milimani, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka uliofuata. Hata hivyo miaka hiyohiyo ya mauti, kule Algiers, mwanzilishi wao Askofu Mkuu Lavigerie alikuwa akiwaandikia wamisionari wa maziwa haya kanuni iliyokuja kutawala maisha ya mamia ya maelfu ya Warundi: mtu mzima asibatizwe kabla ya kutimiza miaka minne ya maandalizi.

Lavigerie aliitoa kanuni hiyo katika Kanisa la karne za kwanza, ambalo historia yake alikuwa ameifundisha huko Paris. Zamani zile aliyetaka Ukristo alikaa miaka nje ya fumbo akisikiliza na kutazamwa mwenendo. Lavigerie aliogopa jambo moja kuliko yote: mtu abatizwe leo kwa shauku, au kwa kutafuta hifadhi ya wageni wenye nguo na bunduki, kisha mwaka ujao arudi alikotoka. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Kando ya ziwa wengi wa mwanzo kukaa misioni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na mtoto wa namna hiyo hana mahali pengine pa kwenda. Utajuaje kwamba ndiyo yake ni yake kweli? Jibu la Lavigerie lilikuwa muda.

Miaka minne iligawanywa mara mbili. Miwili ya kwanza mtu alikuwa mpostulanti, yaani mwombaji tu. Alifundishwa yale ambayo hata akili yake peke yake ingeweza kuyafikia: Mungu ni mmoja, ameumba vyote, roho haifi, kuna thawabu na adhabu. Alijifunza sala kwa moyo, akaulizwa, na akifaulu alivishwa medali shingoni. Medali hiyo ilikuwa tangazo. Jirani akiiona alijua kwamba huyu sasa haalikwi kwenye kubandwa, yale matambiko ya Kiranga ambayo nayo yalikuwa na wafuasi walioingizwa kwa hatua na kuapishwa kutunza siri. Naona jambo hili linastahili kufikiriwa: Warundi hawakuanza kufundishwa na wazungu kwamba dini ina mlango, ina walinzi wa mlango, na kwamba siri haitolewi siku ya kwanza.

Maana katekesi ya Lavigerie nayo ilikuwa na siri zake. Mpostulanti hakuelezwa habari za Ekaristi. Akiwa katekumeni, katika ile miaka miwili ya pili, alifunguliwa Utatu, Umwilisho na amri moja moja, lakini siku ya Jumapili alisikiliza mahubiri kisha akatoka, na Misa ikaendelea nyuma yake. Sakramenti alielezwa mwishoni kabisa, ubatizo ukiwa umekaribia.

Waliofundisha zaidi hawakuwa mapadre, bali makatekista, watu wa vijijini waliokuwa wamebatizwa kabla yao. Wao ndio waliojua fulani ana wake wawili, fulani bado anakwenda kwa mganga usiku. Ndoa ndiyo iliyowakwamisha wengi. Mwanamume mwenye wake wengi alitakiwa abaki na mmoja, na hao wengine wakarudi kwao pamoja na shida ya mahari na watoto. Wapo waliosikiliza mafundisho miaka mingi wakafia katika hadhi ya ukatekumeni kwa sababu hawakuweza, au hawakutaka, kumfukuza mama wa watoto wao. Hapo kanuni ilikuwa ngumu kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume aliyeambiwa achague, na Kanisa halikumuuliza mwanamke huyo neno.

Aliyekaribia kufa hakungojeshwa. Uganda, mwezi Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku mmoja vijana wa ikulu, Kizito akiwa mmoja wao, kwa kuwa alijua Kabaka Mwanga atawaua. Maji na maneno ya Utatu vilitosha.

Mkazi wa Rumonge au Nyanza-Lac alikuwa na mlango mwingine karibu. Uislamu ulifika ufukweni kwa njia ya wafanyabiashara na walimu wa Ujiji, na hadi leo miji hii ni miongoni mwa sehemu za Burundi zenye Waislamu wengi. Huko mtu hutamka shahada mbili kwa kuamini, kwa desturi mbele ya mashahidi, huoga josho, na mara nyingi huchukua jina jipya. Ameshakuwa Mwislamu. Udhu, Alhamdu, nguzo na hukumu za swala atajifunza baadaye, akiwa tayari amesimama safu moja na wenzake. Wamisionari walizoea kuidharau njia hii kwa wepesi wake. Nadhani walikosea. Miaka ya kujifunza ipo pande zote mbili. Kwa Wakatoliki iko kabla ya tamko, kwa Waislamu iko baada yake.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wenye hatua urudishwe katika Kanisa zima, na taratibu zake zikatolewa mwaka 1972. Hazitaji miaka minne. Muda huamuliwa na maaskofu wa mahali. Siku ya kupokelewa katekumeni huwekewa alama ya msalaba. Dominika ya kwanza ya Kwaresima huitwa kwa jina na kuwa mteule, msimamizi wake akishuhudia mwenendo wake. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano huombewa atakaswe, na katika majuma hayo hukabidhiwa Kanuni ya Imani na Baba Yetu. Mkesha wa Pasaka humkataa Shetani, huungama imani, hubatizwa, hupakwa krisma na kupokea Ekaristi, yote usiku huohuo. Mlokole anayehamia Ukatoliki hapiti njia hii yote: ikiwa alikwisha kubatizwa kwa maji kwa jina la Utatu, harudiwi ubatizo, bali huungama imani na kupokelewa.

Jina huandikwa katika daftari la parokia, na ndoa ya baadaye hurudishwa kuandikwa hapohapo. Lakini Aprili 1972 vita vilianzia pwani hii ya kusini, mauaji ya jeshi yakafuata, na familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac zikakimbilia Tanzania. Waliporudi baada ya miongo mitatu na zaidi, wapo waliokosa cheti cha ubatizo na hata mtu wa kuwaonyesha daftari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 876, inasema shahidi mmoja wa kuaminika anatosha, maadamu hakuna anayedhulumiwa. Na aliyebatizwa akiwa mtu mzima hahitaji hata huyo shahidi: kiapo chake mwenyewe kinakubaliwa.