Knife, island, debt: herufi zisizosomwa katika Kiingereza zimetoka wapi, na namna ya kuzikumbuka

Mutu aliyezoea kuandika Kiswahili amezoea pia kusoma kila herufi anayoiona. Neno «kisu» iko na herufi ine na zote zinasikika. Kwa Kiingereza hali iko ingine. Kisu kinaandikwa «knife» lakini kinasomwa «naif». Kisiwa kinaandikwa «island» na kinasomwa «ailand». Deni linaandikwa «debt» na linasomwa «det». K, S na B ziko pale kwenye karatasi, lakini mdomo unazipita.

Kwa wale wanaovuka mpaka wa Kasindi, Bunagana ao Mahagi kwenda kununua bidhaa Uganda, hii si mambo ya darasa tu. Karatasi za huko zinaandikwa kwa Kiingereza. Mutu anasikia muuzaji anasema «det», kisha anatafuta neno hilo kwenye fakitire na halioni, kwa sababu anatafuta D, E na T. Anaona «date», anafikiri njo lenyewe. Lakini «date» inasomwa «deit» na maana yake ni tarehe. Neno la deni liko mustari wa chini, na B yake katikati, na yeye amelipita. Vilevile ukifungua diksioneri na kutafuta «nife» kwenye N, hautapata kitu. Kisu kiko kwenye K.

Habari njema ni kwamba herufi hizi hazikuwekwa ovyo. Kila moja ya haya maneno tatu inaonyesha njia yake ya kuingia, na mutu aliyesoma kwa Kifaransa iko tayari na nusu ya dawa mukononi.

K ya knife: herufi iliyokufa mdomoni

Zamani Waingereza walisoma K hiyo. Neno lilitoka kwa watu wa Skandinavia walioingia Uingereza, waliosema «knifr», K na N pamoja, kama Wajerumani wanavyosema mpaka leo «Knie» kwa goti. Mashine ya kuchapisha vitabu ilifika Uingereza mwaka wa 1476, ikaletwa na William Caxton. Tangu hapo maandishi yakaanza kukaa fasi moja. Lakini midomo ya watu haikusimama. Katika miaka ya 1600 na kuelekea 1700, watu wakaacha kusema K mbele ya N. Sauti ikaenda, herufi ikabakia.

Kwa hiyo kanuni hapa ni rahisi: neno la Kiingereza likianza na KN, K haisomwi. Ni hivyo kwa «knee», goti, «know», kujua, «knock», kugonga, «knot», fundo. Kusoma si tatizo. Tatizo ni kuandika: ukisikia N mwanzoni, utajua namna gani kama kuna K nyuma yake?

Kifaransa kinasaidia kwa maneno tatu. «Canif», kile kisu kidogo cha kukunja, inatoka kwenye mzizi mumoja na «knife», na C yake inasomwa wazi. «Connaître» ni ndugu wa mbali wa «know», na «genou» ni ndugu wa mbali wa «knee». Fasi Kiingereza kimenyamaza, Kifaransa kinasoma C ao G yake. Kiswahili nacho kinatoa musaada kwa neno moja: «kisu» inaanza na K, na «knife» pia. Lakini usitumie ujanja huo kwa vitendo. Kwa Kiswahili karibu kila kitendo kinaanza na «ku», kwa hiyo K ya «kujua» haikuambii chochote juu ya «know».

B ya debt: herufi iliyoletwa na wasomi

Hapa hadithi iko tofauti kabisa. B hii haikusomwa hata siku moja kwa Kiingereza. Waingereza walichukua neno kwa Wafaransa, wakaandika «dette», sawa vile Kifaransa kinavyoandika mpaka leo. Lakini kuelekea miaka ya 1500, wasomi waliopenda Kilatini walitaka maneno yaonyeshe ukoo wake. Kwa Kilatini deni ni «debitum», na wakaingiza B katikati. Mdomo wa watu ukaendelea kusema «det» kama zamani.

Wakafanya vilevile na «doubt», yaani shaka. Kifaransa kinasema «doute», Kilatini kilisema «dubitare», basi B ikaingia. Na «receipt», ile risiti ya dukani, ikapewa P ya Kilatini «receptum», lakini inasomwa «risiit», bila P.

Wafaransa wenyewe walipitia ugonjwa huo. Kuna wakati waliandika «debte» na «doubte», kisha wakaondoa B. Lakini waliacha G katika «doigt» na P katika «sept», nazo hazisomwi. Mutu aliyejifunza kuandika «doigt» bila kuuliza swali ameisha kufanya kazi hii mara moja.

Njia ya kukumbuka ni kutafuta ndugu wa neno ambaye herufi yake inasikika. Kwa «debt», ndugu ni «débit» na «débiteur». Kwa «doubt», ni «indubitable». Kwa «receipt», ni «réception». Jiulize: deni linazaa nani kwa Kifaransa? Débiteur. B yake inasikika, basi B inakaa pia ndani ya «debt». Na kama Kifaransa hakikujii haraka, shika «debe»: deni la debe moja. D, E, B, kisha T.

S ya island: herufi ya makosa

Neno «island» halikutoka kwa Kilatini. Waingereza wa kale walisema «iegland»: sehemu ya kwanza peke yake ilikuwa na maana ya kisiwa, na «land» ni udongo ao inchi. Baadaye wakaandika «iland», bila S yoyote. Kando yake kulikuwa neno ingine lenye maana ile ile, «isle», kutoka Kifaransa cha zamani, na hilo lilitoka kwa Kilatini «insula». Watu wakafikiri maneno mawili ni familia moja, na S ya «isle» ikarukia ndani ya «iland». Ni kosa, lakini lilichapishwa mara nyingi mpaka likawa ndilo sahihi.

Wafaransa walitupa S yao. Mwaka wa 1740, kamusi ya Akademi yao iliondoa S nyingi zisizosomwa na kuweka kofia juu ya herufi ya kando. «Isle» ikawa «île». Kofia hiyo ni ufunguo kwa kila mutu aliyesoma kwa Kifaransa, sababu mara mingi inaonyesha fasi S ilikuwa imekaa, na Kiingereza kimeichunga: «hôpital» na «hospital», «forêt» na «forest», «côte» na «coast». Kwa hiyo ukifikiria kisiwa cha Idjwi, sema «île», ona kofia kichwani, na uandike S. Tofauti ni moja: katika «hospital» na «forest» S inasomwa, katika «island» haisomwi. Njia ingine ni kukata neno vipande viwili: «is» na «land». Hii ni inchi katikati ya maji.

Mfano wa dikte moja

Tuchukue mwanafunzi anayesomewa maneno haya: «I know the island. He took my knife and did not pay his debt. I doubt the receipt.» Maana yake: najua kile kisiwa, alichukua kisu changu na hakulipa deni lake, nina shaka na ile risiti.

Anaandika: «I no the iland. He took my nife and did not pay his det. I dout the receit.» Makosa ni sita, na mwalimu anaweza kuzungusha yote na biki nyekundu. Lakini ukiyapanga, ni matatu tu. «No» na «nife» zimekosa K iliyokufa. «Det», «dout» na «receit» zimekosa herufi ya Kilatini. «Iland» imekosa S ya makosa. Na kosa moja linauma kuliko mengine: «no» ni neno kamili lenye maana ya hapana, kwa hiyo simu haitaweka mustari mwekundu chini yake.

Kusahihisha kunakwenda hivi. Mwanafunzi anaandika maneno sita kwenye kaye, na kando ya kila moja anaweka ndugu yake: «connaître», «île», «canif», «débiteur», «indubitable», «réception». Wakati wa kuandika anasema neno kwa kichwa namna limeandikwa: «ka-nife», «is-land», «deb-t». Wakati wa kusoma kwa sauti anasema vizuri: «naif», «ailand», «det». Sauti ya kalamu na sauti ya mdomo zisichanganywe. Kisha anafunika ukurasa na kuandika yote bila kuangalia. Kuandika kwa kunakili mara makumi hakusaidii sana, sababu jicho linafanya kazi na kichwa kinalala. Anarudia kesho yake, kisha siku ya ine, kisha siku ya nane, na anayarudia zaidi yale aliyokosa.

Fasi ujanja unaishia

Kuna alama moja ya kuangalia. Mwanafunzi aliyeshika kanuni kwa nguvu anaanza kuiweka fasi isiyofaa. Anaandika «knot» mahali pa «not», na sentensi ya kukana inageuka kuwa fundo la kamba. Mwingine anaandika «deceipt» kwa sababu Kifaransa kina «déception». Lakini P ilibakia katika «receipt» peke yake. «Deceit», yaani udanganyifu, haina P. Hapo hakuna sababu ya kutafuta. Ni kujua tu kwamba «receipt» iko na P na mwenzake hana.

Kuna pia B zinazokaa mwisho nyuma ya M, kama katika «thumb», kidole gumba, na «lamb», mwana-kondoo. Hizo hazina «débiteur» wa kuzisaidia. Kwa hizo inatosha kushika kwamba MB mwishoni mwa neno inasomwa M peke yake, na kuandika orodha yake kwenye ukurasa ingine wa kaye, mbali na zile za deni na shaka.