Ususi upya wa kiti cha stuli

Ususi upya wa kiti ni kazi ya kuondoa kikalio cha henzerani kilicholegea au kupasuka na kusuka kingine juu ya fremu ileile. Henzerani ni mtambaa wa jamii ya mitende. Mafundi wa Kampala hutumia ule wa misitu ya Uganda, ukiwamo Mabira.

Kikalio kilichobonyea bila uzi kukatika huenda kikapona: hulowanishwa upande wa chini kwa kitambaa chenye maji, kisha huachwa kikauke usiku kucha bila kukaliwa, nacho hujikaza. Nyuzi zikivunjika zinapopinda juu ya ukingo wa mti, hakuna dawa ila kusuka upya. Kiraka hakidumu, kwa kuwa nyuzi jirani zimeshakauka kiasi hichohicho.

Fundi hukata kikalio cha zamani, hulainisha kingo kwa msasa na kuloweka nyuzi mpya kwa takriban nusu saa. Mtande huzungushwa fremu nzima, kisha mshindio hupitishwa juu na chini yake. Stuli ya sentimita 40 kwa 40, yenye mbao nene sentimita 3 na uzi wa milimita 5 usioachiwa nafasi, huhitaji mizunguko 80 ya mtande, kila mmoja sentimita 86: karibu mita 69. Mshindio hula kiasi kama hicho. Uzi uliosukwa mkavu hupasuka kwenye kona. Vanishi hupakwa kikalio kikishakauka kabisa.