Bango la YouTube: Maneno Yako Yanaishia Wapi Kwenye Simu?

Chaneli za YouTube zimekuwa nyingi hapa Pwani: za mapishi, za taarab, za soka na za habari za mitaani. Nikizifungua kwa simu, kasoro moja naiona mara kwa mara. Bango la juu linaonyesha nusu ya jina, na siku ya kipindi haionekani kabisa. Mwenye chaneli hana habari, kwani aliliangalia kwenye kompyuta aliyolitengenezea tu.

Chanzo chake ni kwamba YouTube hupokea picha moja ya bango, kisha huikata kulingana na kioo cha mtazamaji. Kipimo kinachopendekezwa ni pikseli 2560 kwa upana na 1440 kwa urefu. Televisheni huonyesha picha yote. Kompyuta huonyesha ukanda wa katikati tu, wenye urefu wa pikseli 423. Simu huukata ukanda huo pande zote mbili, ukabaki upana wa 1546. Ukipiga hesabu, mwenye simu anaona chini ya moja ya tano ya picha uliyoihangaikia.

Tuchukue mfano wa chaneli ya mapishi tuiite Jikoni Pwani. Mchoraji ameweka jina juu kushoto, sufuria ya pilau katikati, na chini kulia ameandika "Kila Ijumaa saa 2 usiku". Kwenye televisheni linapendeza. Kwenye simu inabaki sufuria peke yake, bila jina wala siku.

Dawa ni kuanza na mipaka kabla ya mapambo. Fungua ukurasa wa 2560 kwa 1440, kisha chora katikati yake mstatili wa 1546 kwa 423. Kushoto na kulia patabaki pikseli 507 kila upande, na juu na chini kama 508. Jina, siku na nembo vyote vikae ndani ya mstatili huo, na mimi huacha pikseli 40 hivi kutoka ukingoni ili herufi zisibanwe. Nje yake tandaza picha ya kawaida, kama vile meza au ukuta, kitu ambacho kikikatwa hakipotezi maana. Usipaache peupe, maana wa televisheni atapaona. Ukimaliza, futa mstatili, kisha hifadhi faili isiyozidi MB 6.

Unapopakia bango kupitia YouTube Studio, sehemu ya Customization, utaonyeshwa mistari ya kukatia. Mstari wa kuutazama zaidi ni ule wenye maneno "Viewable on all devices". Kama kuna herufi iliyotoka nje ya kisanduku hicho, rudi ukairekebishe kabla ya kuchapisha.

Kijipicha cha video nacho kina kasheshe yake. Kipimo chake ni 1280 kwa 720, na kwa kawaida hakikatwi kama bango. Shida ni kwamba hupunguzwa sana, halafu hufunikwa. Kona ya chini kulia YouTube huweka muda wa video, na kwa aliyekwisha kuanza kuitazama, mstari mwekundu hupita chini kabisa.

Sema Jikoni Pwani imeandika chini ya kijipicha: "MAHAMRI BILA MAFUTA MENGI", na neno la mwisho limeangukia kona ya kulia. Muda ukilifunika, msomaji anabaki na "MAHAMRI BILA MAFUTA". Hapo ahadi imegeuka. Atakayefungua akaona karai la mafuta linachemka ataona amedanganywa, ataondoka, na huenda asirudi. Kwa hiyo maneno yapandishe juu au yaweke kushoto. Kona ile mimi huiacha wazi robo ya upana na moja ya tano ya urefu, yaani pikseli 320 kwa 144.

Kuhusu ukubwa wa herufi, kipimo changu ni rahisi. Ipunguze picha hadi upana wa pikseli 160, yaani moja ya nane, uitazame kwa umbali wa mkono. Herufi ya urefu wa pikseli 40 inabaki 5 tu, na hapo haisomeki. Ya 120 inabaki 15, na inasomeka. Herufi kubwa hivyo hazichukui maneno mengi, basi matatu au manne yatosha. Mengine yaandike kwenye kichwa cha video, ambako hakuna kinachoyafunika.

Baada ya kuchapisha, fungua chaneli kwa simu ya mtu mwingine na umwombe akusomee jina na siku. Akisita, mchoro bado haujaisha.