Upande wa Juu wa Sidii

Ndugu msomaji, nikikuuliza upande gani wa sidii ndio dhaifu, bila shaka utanijibu haraka: ule wa chini, unaong'aa. Hata mimi ningekujibu hivyo hivyo. Nililishika jibu hilo tangu utotoni, nilipokuwa nikikaa kwenye benchi la banda la gemu la mjomba wangu kule Tanga, mpaka siku moja ya mwaka 2024 nilipoharibu kwa mkono wangu mwenyewe ule upande mwingine, wa juu. Ninayoandika hapa ni historia ya kosa hilo, na ya vitu viwili vilivyofika mitaani kwetu bila mtu wa kutueleza vimeundwaje: kaseti za gemu na sidii.

Mjomba alifunga banda mwaka 2011. Vitu vikatiwa kwenye sanduku la bati, sanduku likapandishwa darini, likakaa chini ya mabati ya paa zaidi ya miaka kumi. Niliomba nilishushe kwa sababu naandika riwaya juu ya vijana wa banda lile, na nilijua kwamba mle ndani kuna sidii yenye picha zao. Nilipofungua nilikuta kaseti 14 za ile mashine yake ya kwanza, na sidii 31. Harufu ya uvundo ilinipiga puani kabla sijagusa kitu.

Nilianza na kaseti. Kaseti ya gemu haina utepe ndani yake kama ya muziki. Ni kibao chembamba chenye chipu, na ukingoni kuna safu ya meno bapa ya shaba yanayoingia kwenye mashine. Kampuni ya Fairchild ya Marekani ndiyo iliyouza mashine ya kwanza ya nyumbani ya kubadilisha kaseti za namna hiyo, Channel F, mwaka 1976. Kazi ile iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Tangu hapo uhai wa gemu ukategemea meno yale yagusane vizuri na meno ya mashine.

Mwaka 1983 Nintendo wakatoa Famicom huko Japani. Walipoipeleka Marekani mwaka 1985 waliibadilisha umbo, kaseti ikawa inasukumwa kwa mbele halafu inabonyezwa chini. Vibanio vya ndani vikawa vinalegea upesi, na picha inakataa kutokea. Watoto wa huko wakafanya kile kile tulichofanya sisi Tanga kwenye mashine za kuiga Famicom: walichomoa, wakapuliza, wakarudisha, na gemu likawaka! Kumbe bwana, kilichosaidia ni kule kuchomoa na kurudisha, maana meno yalisuguana upya na kugusana. Pumzi yenyewe haikuwa dawa. Pumzi ni unyevu, na Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wao kwamba unyevu huo hulisha kutu.

Ushahidi nilikuwa nao mkononi. Kati ya kaseti 14, tano zilikuwa na ukungu wa kijani kwenye meno. Zilikuwa zile zile tulizozipenda, yaani zile zilizopulizwa kila jioni. Nilichukua pamba ya masikio, nikaichovya kwenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 na ushee, nikaikamua isidondoke, nikasugua kila jino kwa kufuata urefu wake. Pamba ikatoka nyeusi. Nilirudia na pamba mpya mpaka ikatoka nyeupe, kisha nikaziacha zikauke nusu saa. Spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko sikuitumia, maana ina rangi na mabaki. Msasa nao ni mwiko. Unang'arisha kwa siku moja, lakini unakwangua ule utando mwembamba unaoikinga shaba, na kutu inarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Kaseti 12 ziliwaka. Mbili, kutu ilikuwa imekula jino zima, na hapo pamba haina la kufanya.

Basi nikaingia kwenye sidii nikijiona fundi.

Sidii ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, kazi ya pamoja ya Philips na Sony. Ukiishika unadhani ni plastiki tupu. Sehemu kubwa kweli ni plastiki, polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2, nayo ndiyo ule upande wa chini. Maandishi yenyewe hayako chini. Yako juu kabisa, karibu na picha ya jalada, kwenye utando wa metali mwembamba sana uliofunikwa kwa vanishi tu. Mwanga wa leza unapita kwenye plastiki yote kwenda kuyasoma. Kwa hiyo mkwaruzo wa chini ni kama mkwaruzo kwenye kioo cha dirisha: unakuzuia kuona vizuri, lakini mtu uliyekuwa ukimtazama bado yuko ndani. Mkwaruzo wa juu unamgusa mtu mwenyewe.

Tena sidii ina hesabu za kujirekebisha. Kasoro moja isiyozidi kama milimita 2.5 kwenye njia yake huzibwa bila wewe kujua. Njia ile inazunguka mfano wa koili ya mbu, inaanza karibu na tundu la katikati na kuishia ukingoni. Ndiyo sababu sidii hupanguswa kutoka tundu kwenda ukingoni, kama miali ya jua. Ukikwaruza kwa bahati mbaya, mkwaruzo unakatiza njia kidogo tu na hesabu zinauziba. Tulivyokuwa tukipangusa sisi, kwa kuzungusha kwenye fulana, mkwaruzo mmoja unaweza kuifuata njia sentimita nzima.

Kati ya zile 31, sidii 18 zilikuwa za kiwandani, zimekwaruzwa hadi aibu. Niliziosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nikakausha kwa kitambaa laini cha pamba. Kumi na sita zikasoma. Zilizobaki 13 zilikuwa za kubani. Sidii ya kubani haichongwi kiwandani. Maandishi yake yamechomwa kwenye rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Chini ya bati la Tanga zilikuwa zimepikwa miaka yote ile. Zilikuwa safi kuliko zote kwa macho, bila mkwaruzo, na tisa hazikusoma kitu.

Ile ya picha ilikuwa miongoni mwa nne zilizobaki hai. Mjomba alikuwa amebandika juu yake kipande cha selotepu ya karatasi, akaandika kwa kalamu: PICHA LIGI 2008. Selotepu ilikuwa imekauka, kona moja imenyanyuka, gundi imekusanya vumbi. Nikasema nisafishe kabla ya kunakili. Nikaishika kona nikavuta.

Ilitoka kirahisi mno. Nilipoigeuza, upande wa gundi ulikuwa unang'aa fedha. Niliinua sidii nikaitazama kwenye taa, nikauona mwanga ukipita pale kwenye kiraka cha upana wa kama milimita 15, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Hesabu za kuziba milimita 2.5 haziwezi kuziba 15, tena kila mzunguko. Kompyuta ilisoma majina ya picha zote 40. Zilizofunguka ni 11, zile za mwanzo zilizoandikwa karibu na tundu, ambako kiraka hakikufika.

Nilimpelekea mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Vipi, zimeonekana?"

Nikamweleza. Akaishika sidii kwa kingo, akaielekeza mlangoni, akachungulia kwenye lile tundu kama anayetafuta mtu upande wa pili. "Miye ndiye niliyebandika," akasema. "Nilidhani huku juu ni jalada tu."

Hatukuwa wajinga peke yetu. Kati ya mwaka 1988 na 1993 kiwanda cha PDO kilichokuwa Blackburn, Uingereza, kilitoa sidii za muziki ambazo vanishi yake haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za vijitabu vyake. Hewa chafu ikapenya, metali ikaanza kugeuka rangi ya shaba kutoka ukingoni kuingia ndani, na kiwanda kikalazimika kuwabadilishia wateja. Sidii zile zilikuwa kabatini, hazijakwaruzwa na mtu. Dividii ndiyo ina nafuu kidogo, maana utando wake umebanwa kati ya plastiki mbili za milimita 0.6, ingawa hewa bado inaweza kupita ukingoni.

Sasa nimeyahamisha yote. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka 2003 unaotaka sidii zikae kwenye nyuzi 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Nyuzi 20 mimi sizipati Tanga, ila unyevu naweza kuupigania. Nilinunua kipima unyevu kidogo. Sebuleni kilisoma 78. Nikachukua kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vyenye punje za chungwa ambazo zikishiba maji hugeuka kijani. Vile vya kwenye maboksi ya viatu huwa vimeshashiba zamani. Nilifunga kontena saa nane mchana wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, maana ukifunga siku ya mvua unaufungia unyevu ndani. Baada ya siku mbili kipima kilisoma 46. Kontena liko kwenye rafu ya katikati, mbali na sakafu, dirisha na paa.

Sidii zimesimama wima kama vitabu, kila moja kwenye kasha lake gumu, kwa sababu zikilazwa kwa rundo kwenye joto hupinda. Jina linaandikwa kwenye kasha. Juu ya sidii sibandiki kitu, na palipobandikwa zamani sibandui tena. Naiweka kwenye mashine na selotepu yake ikiwa haijanyanyuka, nanakili kwanza. Zile nne za kubani, kilichosomeka nimekinakili mara mbili, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti.

Zile picha 29 hazirudi. Katika zile 11 yumo mjomba mara moja tu, nyuma ya vijana, ameinama juu ya mashine, mashavu yamejaa pumzi. Anapuliza kaseti.