Rupia 150 au rupia 10? Barua ya zamani ya Tukuyu na herufi zinazotoka kulia

Tuseme babu yako wa Rungwe amekuachia sanduku, na ndani yake kuna karatasi ya herufi za Kiarabu. Unampelekea jirani aliyesoma madrasa. Anaitazama, anaisoma kwa sauti, halafu anatikisa kichwa: "Hii si Kiarabu." Ni kweli. Ni Kiswahili.

Usishangae. Wamisionari walioanza kazi Rungwe mwaka 1891 walileta herufi za Kilatini, lakini watu wa pwani walikuwa wameshafika ukanda huu kabla yao. Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, mfanyabiashara Mlozi alijiimarisha kwa ngome mpaka Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Na Wajerumani walipojenga boma la Tukuyu, walilolipa jina la Neu-Langenburg, utawala wao ulitumia makarani, ambao baadhi yao waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Ili tuone kazi yenyewe, nimetunga mstari mmoja wa stakabadhi kwa mtindo wa zamani:

```
نمبوكيا كوا موايبوبو وا كيبيلا كودي يا نيوبا ٥٠ روبيه ١٥٠
```

Anza na maneno. Kiarabu hakina P, basi mwandishi wa zamani alitumia ب (be) kwa B na kwa P. Tena M na N zinazotangulia konsonanti nyingine mara nyingi aliziacha, kwa hiyo be hiyohiyo ni MB pia. Vokali nazo zinabanana: و ni O au U, ي ni E au I. Kwa hiyo neno la kwanza ni "nimepokea", na نيوبا ni "nyumba". Hapo Kiswahili chenyewe kinakuokoa, maana hakuna neno "nyuba".

Jina la mtu halina msaada huo. موايبوبو inaweza kuwa Mwaibobo, Mwaipopo, Mwaibombo, Mwaipombo. Kamusi haikusaidii kitu. Anayekusaidia ni mzee anayejua koo za Wanyakyusa, ambaye atakwambia Mwaipopo ni jina analolijua. Na كيبيلا? Mtu wa Dar angesoma "Kibila" na kuendelea zake. Mtu wa Tukuyu anaona Kyimbila palepale. Ushauri wangu: katika tafsiri andika jina ulilochagua, na pembeni nakili herufi za asili, ili atakayekuja baadaye aweze kukupinga.

Sasa namba, na hapa ndipo watu wanapoangukia. Mstari unakwenda kulia kwenda kushoto, lakini namba zinasomwa kama zetu, mamia yakiwa kushoto. Usiigeuze. Tatizo kubwa ni sura zake: tano (٥) ni duara kama sifuri yetu, na sifuri (٠) ni kidoti tu. Asiyejua ataona ١٥٠ akasoma "10", kile kidoti akidhani ni nukta ya mwisho wa sentensi. Na ٥٠ anaisoma "0".

Utajuaje umekosea? Piga hesabu. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza 1898, ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya kijijini kwa mwaka. Nyumba 50 mara 3 ni 150, inakubali. Nyumba 0 kwa rupia 10 haiingii akilini, na 10 haigawanyiki kwa 3. Kwa familia ya Mwaipopo tofauti hii si ndogo: ama alikabidhi kodi ya kijiji kizima, ama alibaki na deni la rupia 140.

Mwaka nao uuangalie. Ukikuta ١٣١٨ ni 1318 ya Hijria, iliyoanza Mei 1900 na kuishia Aprili 1901. Bila siku na mwezi, usiandike "1900" tu, andika 1900/1901.

Mtego wa mwisho umo kwenye kompyuta yako, wala si kwenye karatasi. Ukichapa neno la Kiarabu, kisha 40, kistari, 50, skrini huonyesha hivi:

```
نيوبا 40-50
```

Mara nyingi utaona 50 iko kushoto na 40 kulia, ingawa ulianza na 40. Ndivyo kanuni za Yunikodi zilivyo: namba inayofuata herufi za Kiarabu huchukuliwa kama namba ya Kiarabu, na kistari hakiziunganishi namba mbili za aina hiyo, kwa hiyo kila moja inapangwa peke yake kutoka kulia. Faili ni sahihi, ila macho yanadanganywa. Weka kishale mwanzo wa mstari ukisogeze herufi moja moja uone kipi kilichapwa kwanza. Kwenye tafsiri yenyewe achana na kistari, andika "nyumba 40 hadi 50".